Kolis ya kilo tatu: ikipotea kati ya Lubumbashi na Kolwezi, nani analipa?

Swali la kwanza la klienti wa mbali siku zote ni moja: "Mama, fre ya kutuma ni ngapi?" Na sisi wenye kuuza kutoka nyumbani tunakimbilia kujibu hilo tu, tunatafuta ile njia ya bei ya chini, tunamaliza. Mi nashona marobo ya liputa na nguo za watoto, hapa Katuba, kwenye chumba cha nyuma, na siku hizi klienti wengi hawako tena Lushi, wako Likasi na Kolwezi kule kwenye makuta ya migodi, wachache wako Kinshasa. Kwa hiyo kutuma vitu imekuwa kazi ya pili juu ya kazi ya kushona. Na kitu ambacho nimekuja kukiona ni kwamba fre njo sehemu ndogo kabisa ya bei ya kutuma. Sehemu kubwa iko imefichama ndani ya swali lingine ambalo hakuna mtu anauliza pale kwenye gishe: hii kolis ikipotea, nani analipa, analipa ngapi, na mi nitaonyesha karatasi gani?

Nachukua barabara moja tu, ya Kolwezi, maana njo ninayoijua vizuri. Ni kilometa kama 120 mpaka Likasi, halafu jumla kama 300 mpaka Kolwezi, lami, peaje, makamyo ya madini kwa mstari. Kolis moja ya kweli-kweli: marobo sita, dola 40 kila moja, jumla dola 240, zimekunjwa ndani ya karto ndogo, mizani inasema kilo 3. Kumbukeni hizo namba mbili, 240 na kilo 3, maana kila kitu kitarudi hapo.

Njia ziko nne hivi. Ya kwanza ni shofere wa taksi anayepakia watu, unampatia kolis mkononi na vidola kidogo, unamuandikia namba ya klienti juu ya karto, basi. Ya pili ni ajansi ya bisi, unapeleka kolis kwenye gishe yao, wanapima, wanakuandikia bordero, klienti anaenda kuchukua kwenye ajansi yao ya Kolwezi. Ya tatu ni hiyohiyo ajansi lakini unadeklare thamani ya mzigo, unalipa kidogo juu. Ya nne ni kampuni ya kurye yenyewe, inakuja kuchukua nyumbani na inapeleka mpaka mlangoni kwa klienti. Nitaweka bei za mfano ili tufanye hesabu, nyinyi muweke zenu: shofere dola 3, ajansi dola 6, ajansi na deklarasyo dola 11, kurye dola 18.

Mtu akiangalia hivyo anasema shofere, hakuna mjadala. Tatu dhidi ya kumi na nane!

Lakini subirini. Watu wengi hawajui kwamba kubeba mzigo kwa barabara hapa kwetu kuna sheria yake, na si sheria ya Kongo peke yake. Kongo iliingia OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, na OHADA wana sheria ya pamoja juu ya kontra ya kusafirisha mizigo kwa barabara, ilipitishwa Yaoundé mwaka 2003 na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2004. Inahusu hata safari ya ndani ya nchi moja, Lubumbashi–Kolwezi imo. Sheria hiyo inasema mbebaji anawajibika kuanzia akipokea mzigo mpaka akiutoa, ikipotea au kuharibika analipa. Vizuri sana. Ila inasema pia kwamba malipo hayawezi kupita faranga CFA 5.000 kwa kilo moja ya uzito wa jumla, yaani na karto yake.

Hapo njo pa kusimama kidogo. Faranga 5.000 za CFA ni euro 7 na senti 62, maana CFA imefungwa kwa euro kwa 655,957. Kwa dola inacheza kati ya 8 na 9 kufuatana na siku, tuseme 8 na nusu. Mara kilo 3 ni dola 25 na nusu. Kwa marobo ya dola 240! Ajansi ikipoteza kolis yangu, ikikubali kosa, ikilipa bila kelele yoyote, mi napata bei ya nusu ya robo moja na kidogo zaidi. Na hawajaniibia, wamefuata sheria.

Ukiangalia vizuri, kipimo cha kilo kinapendelea vitu vizito vya bei ya chini. Mfuko wa unga wa kilo 25 kwa hesabu hiyo unafikia dola zaidi ya 200, na hakuna mfuko wa unga wa bei hiyo, kwa hiyo mwenye unga analipwa bei yake yote (si zaidi, maana malipo yanaanzia kwenye thamani ya kitu, kile cha kilo ni dari tu). Sisi wa vitu vyepesi vya bei ya juu, marobo, peruki, krimu, vipuri vya telefone, njo tuko wazi kabisa. Kuna dada mmoja anauza peruki za nywele za kweli, moja inapima gramu 300 na inauzwa dola 150. Dari yake ni dola mbili na nusu. Nilipomuonyesha hiyo hesabu alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

Sheria yenyewe inatoa mlango wa kutokea: mtumaji anaweza kuandika thamani ya mzigo kwenye letre de vwatire, ile karatasi ya safari, na hapo dari inakuwa ile thamani uliyoandika, si tena kilo. Njo hiyo inaitwa deklarasyo ya thamani. Ajansi inakuomba pesa juu kwa sababu inabeba hatari kubwa zaidi, na hapo wako katika haki yao. Shida ni kwamba kwenye gishe nyingi yule kijana wa kuandika haulizi, na kwenye bordero hakuna hata nafasi ya kuandika. Mi namwambia tu: "Papa, andika hapa chini, thamani iliyodeklarewa dola mia mbili na arobaini, halafu piga kashe juu yake." Wengine wanakataa, wanasema shefu hayuko. Wengine wanaandika "nguo" peke yake na kusema inatosha. Kashe juu ya thamani njo kitu, bila kashe ni mwandiko wangu tu.

Na msichanganye deklarasyo na asiransi. Deklarasyo inapandisha kiasi ambacho mbebaji atalipa kama ni yeye anayewajibika. Kama bisi imekumbwa na kitu ambacho hakuweza kukizuia wala kukikwepa, sheria inamtoa, na deklarasyo yako inatoka pamoja naye. Vilevile inamtoa kama ulifunga vibaya, au kama kolis haikuandikwa vizuri jina na namba, hiyo iko imeandikwa wazi kabisa, upungufu wa ambalaji na wa alama. Asiransi ya mzigo ni kontra nyingine, na kampuni ya asiransi, na inalipa kulingana na hatari mlizoandika hata kama mbebaji hana kosa. Tangu sheria ya asiransi ya mwaka 2015 SONAS haiko tena peke yake sokoni, kuna kampuni nyingine zenye ruhusa ya ARCA, ambayo njo msimamizi. Lakini niseme ukweli, kwa kolis moja ya marobo sita hakuna mtu atakuandikia polisi ya asiransi, hiyo ni ya mtu anayetuma karto ishirini kila wiki, au inakuwa tayari ndani ya bei ya kurye. Kurye akikuambia "kolis iko na asiransi", muulize mambo mawili tu: mpaka dola ngapi kwa kolis, na nani analipa, yeye au kampuni gani. Akijibu "iko tu na asiransi, mama, usiogope", basi haina.

Sasa turudi kwenye hesabu. Nina kakaye ambamo naandika kila kolis iliyotoka, njia gani, ilifika au haikufika, ilifika nzima au imekatwa. Ukifanya hivyo kwa muda unapata namba yako mwenyewe, ambayo ni bora kuliko hadithi za kwenye Watsap. Tuseme kwa mfano kakaye inaonyesha kwa mashofere inapotea moja kwa 40, kwa ajansi moja kwa 100. Kwa shofere, ikipotea napoteza 240 zote, maana kudai hakuna. Basi kila kolis ninayompatia inabeba 240 kugawa kwa 40, dola 6 za hatari. Weka na fre ya 3, ni dola 9. Kwa ajansi bila deklarasyo, napoteza 240 toa ile 25, ni 215, kugawa kwa 100 ni dola 2 na kitu. Weka na fre ya 6, ni dola 8 na kitu. Mmeona? Yule shofere wa dola tatu amekuwa ghali kuliko ajansi ya dola sita, kidogo tu, lakini amekuwa ghali.

Na deklarasyo? Dola 11, hatari karibu sifuri kama karatasi ziko sawa. Kwa hesabu ya wastani ni hasara, dola 11 dhidi ya 8. Hapo mwenye hesabu atasema usideklare kamwe. Ndiyo, kama unatuma kolis mia tano kwa mwaka na una mtaji wa kumeza moja inayopotea, usideklare, ni kweli. Mi sina huo mtaji. Ile 240 ndani yake kuna pesa ya liputa za wiki ijayo, ikipotea cherehani inasimama, na cherehani ikisimama klienti wengine wawili wanaenda kwa fundi mwingine. Kwa hiyo mpaka wangu ni huu: kolis ambayo ikipotea naweza kununua liputa nyingine bila kukopa, inaenda bila deklarasyo. Juu ya hapo nadeklare. Kwangu mpaka huo uko kama dola 80, kwako utakuwa mwingine.

Kuna mtu ataniuliza, si ugawe kolis mara mbili, marobo matatu leo matatu kesho? Unaweza, hasara kubwa inakuwa ndogo, lakini unalipa fre mara mbili na klienti anakwenda ajansi mara mbili kwa manseba, na hiyo moto ya mara ya pili atakulaumu wewe.

Haya, tuingie kwenye karatasi, maana deklarasyo bila ushahidi wa kufika ni bure.

Ushahidi wa kufika watu wanadhani ni ule ujumbe wa "Mama nimepata asante" kwenye Watsap. Huo ni mzuri kwa moyo, na kwa kweli kama klienti wako mwenyewe ameandika hivyo humo, hawezi tena kusema hakupata. Lakini kati yako na ajansi kinachosema ni rejista yao: tarehe, saa, jina la aliyechukua, namba ya karte yake ya elekteri, sinyatire. Vitu vitano. Ajansi nyingi zinaandika vitatu, jina, tarehe na sinyatire, na sinyatire yenyewe ni kama nyoka, huwezi kusema ni ya nani.

Niwaambie kisa cha ajansi moja, jina naliacha. Kolis ilifika Kolwezi asubuhi, mama wa Kolwezi akaenda jioni, wakamwambia imechukuliwa. Imechukuliwa na nani? Wakafungua rejista: jina lake yeye, sinyatire si yake. Alikuwa ametuma foto ya bordero kwenye grupu ya familia ili mdogo wake amchukulie, na ndani ya grupu kuna watu themanini, mtu akaenda na ile foto ndani ya telefone. Ajansi ikasema: tumempatia mwenye bordero, kazi yetu imekwisha. Ingekuwa mchezo umeishia hapo kama si ile kolomu ya namba ya karte, ilikuwa tupu. Kwenye mgongo wa bordero yao wenyewe, maandishi madogo, imeandikwa kolis inatolewa kwa mtu aliyetajwa baada ya kuonyesha kitambulisho. Jina langu kama mtumaji liko, jina lake liko, thamani iko na kashe, kolomu tupu. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha faktire ya marobo, foto ya kolis iko juu ya mizani yao, na kopi ya ule ukurasa wa rejista ambao mama aliupiga foto palepale. Shefu wa ajansi alinipigia mwenyewe: "Mama, haya mambo tungeyamaliza tu kwa mdomo." Nikamwambia papa, kwa mdomo tulianza, sasa tumalizie kwa karatasi. Walilipa kwa vipande viwili.

Kilichowashinda hakikuwa kelele, ilikuwa ile kolomu. Na foto ya rejista njo ilifanya kazi, kwa sababu wiki moja baadaye kolomu tupu inaweza kujazwa.

Toka hapo nina utaratibu na klienti. Bordero yenyewe simtumii nzima, namtumia namba ya kolis tu, na tunakubaliana neno la siri ambalo naomba ajansi iandike kwenye kopi yao. Anayekuja bila karte na bila neno, asipewe. Ajansi zenye esemesi ya kodi ni nzuri zaidi, kodi inaenda kwa telefone ya mpokeaji peke yake, anaisoma kwenye gishe. Lakini hapo kuna jambo: kama namba ya mpokeaji imeandikwa vibaya tarakimu moja, kodi inaenda kwa mtu wa Kipushi na kolis inalala. Soma namba kwa sauti, mwache kijana aisome tena yeye.

Sehemu nyingine watu wanapoteza haki yao ni dakika ya kupokea. Klienti anapewa kolis, skoch imekatwa na kubandikwa tena, rangi tofauti, anaona lakini ana haraka, anasaini, anaenda, anafungua nyumbani, marobo manne badala ya sita. Sheria hiyohiyo ya OHADA inasema kama uharibifu au upungufu unaonekana kwa nje, mpokeaji anapaswa kumuandikia mbebaji mpaka siku ya kazi inayofuata, si zaidi. Kama hauonekani kwa nje, ana siku 7. Asipoandika, inahesabiwa kwamba amepokea mzigo kama ulivyoandikwa, na hapo ni wewe unayepaswa kuthibitisha kinyume, na utathibitisha na nini? Kuandika si lazima uwe avoka. Mstari mmoja kwenye rejista kabla ya kusaini, "karto imefunguliwa, marobo 4 badala ya 6", na foto ya huo mstari. Kama wanakukataza kuandika kwenye rejista yao, unaandika karatasi na kuipeleka siku hiyo au kesho yake, kopi moja wanakupigia kashe ya kupokea. Baada ya hapo malalamiko yenyewe rasmi yawe yamefika kwa mbebaji ndani ya siku 60 toka kolis ilipotolewa, na kwenda mahakamani ni mwaka mmoja. Kwa kolis yetu hakuna mtu ataenda mahakamani, mi najua, nyinyi mnajua, na wao wanajua. Lakini barua inayotaja tarehe na hizo siku inaonyesha kwamba unajua, na bei ya mazungumzo inabadilika.

Ili klienti aone kama karto imefunguliwa, inabidi kwanza ijulikane ilivyofungwa. Mi natumia skoch ya rangi moja siku zote, na napitisha kalamu ya marker juu ya skoch na karto pamoja, mstari wa kupinda, pande tatu. Mtu akikata na kubandika tena, mstari haukutani. Foto ya hiyo mistari naituma kwa klienti kabla bisi haijatoka. Ndani naweka orodha ya vitu na bei, na foto ya vitu vyote vimetandazwa kabla ya kufunga. Yote hiyo ni dakika kumi.

Nimeacha mbio mpaka sasa kwa sababu kwa Kolwezi mbio ni jambo linalodanganya. Bisi ya asubuhi na shofere wa asubuhi wanafika karibu sawa, mchana. Tofauti iko baada ya hapo. Shofere anampigia klienti akiwa parkingi: njoo sasa hivi, nageuza. Ajansi inashusha, inapanga, inaandika, mara nyingi wanakuambia njoo jioni au kesho. Kolis ya Jumamosi mchana, klienti anaipata Jumatatu. Kurye naye anaahidi masaa 24 lakini hayo masaa yanahesabiwa toka anapochukua, na akija kuchukua saa kumi jioni kolis italala Lubumbashi. Kwa hiyo nauliza si "inachukua muda gani" bali "kolis nikiileta leo saa nne, inapanda bisi ipi, na klienti anaweza kusimama kwenye gishe kuanzia saa ngapi". Hapo wanatoa jibu la kweli.

Na kwa nguo za ndoa msitegemee kabisa malipo ya kuchelewa. Kwa kuchelewa, sheria inaweka dari nyingine, ya chini zaidi: malipo hayapiti bei ya usafiri. Robo ya bi arusi ya dola 300 ikifika Jumapili wakati ndoa ilikuwa Jumamosi, unarudishiwa dola zako 6 za fre, na labda pole. Unaweza pia kuandika kwenye letre de vwatire kiasi cha hasara ukichelewa, sheria inaruhusu, lakini sijaona gishe ya bisi inayokubali. Kwa hiyo kwa ndoa mi natuma siku nne mbele, hata kama nimekesha, au sipokei komande.

Kinshasa ni hadithi fupi na ya ndege. Barabara ya kutuma kolis mpaka kule kwa siku za kawaida sahau, kwa hiyo ni Luano mpaka Ndjili. Hapo kitu kimoja kinakula wengi: kwa ndege wanalipisha uzito mkubwa kati ya ule wa mizani na ule wa volimu. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimeta, kugawa kwa 6.000 kwa mizigo ya kawaida ya ndege, kwa 5.000 kwa kurye wa ekspresi kama DHL. Karto ya 60 kwa 40 kwa 30 ni 72.000. Ukigawa kwa 6.000 ni kilo 12, ukigawa kwa 5.000 ni kilo 14,4. Ndani kunaweza kuwa na nguo za kilo 5 tu, utalipa 12 au zaidi. Nguo za watoto zenye tulle njo mbaya kabisa, ni hewa tupu. Mi nakunja, naingiza ndani ya sashe ngumu, nakalia mpaka hewa itoke, nafunga, halafu natafuta karto inayolingana na kile kilichobaki, si kinyume chake. Dari ya malipo lakini haifuati volimu, kwa hiyo unaweza kulipa fre ya kilo 12 na kulipwa hasara ya kilo 5. Muulize kabla.

Siku hizi klienti akiniuliza fre ni ngapi namtumia ujumbe mmoja, nimeuandika mara moja naukopi tu. Unasema: kwa shofere dola 3, ikipotea ni juu yako, na unanilipa marobo yote kwa M-Pesa kabla sijatuma, na mi naangalia salio langu, si esemesi yako. Kwa ajansi na deklarasyo dola 11, ikipotea ni mi nitapambana nao na nitakushonea nyingine. Kwa kurye 18, unapokea nyumbani, unafungua mbele yake ndipo unasaini. Sichagui kwa niaba yake. Mama wa Kolwezi, yule wa rejista, juzi aliniandikia ile njia ya dola kumi na moja bila hata kuuliza, lakini robo ya binti yake ya dola 35 aliomba ipitie kwa shofere, na akalipa kwanza.